Sura ya Sita: Kwa Sasa Tuna Mtu

Ofa tuliyoiandika katika sura iliyopita imefika hotelini, imesomwa, na imekataliwa. Jibu limekuja kwa WhatsApp, mistari miwili: "Tumeipokea ofa yako, tunashukuru sana. Kwa sasa tuna mtu, tukihitaji tutakutafuta." Wauzaji wa mboga ninaowafahamu hulipokea jibu kama hili kwa namna mbili. Yuko anayenuna, akaitupa karatasi ya bei na kuhamia hoteli nyingine. Na yuko anayelishika lile neno "tutakutafuta" kama ahadi, akakaa kusubiri simu. Wote wawili wamempoteza mteja, ila huyu wa pili amechelewa tu kujua.

Hoteli haitakutafuta, wala si kwa ubaya. Meneja manunuzi wa hoteli ya kati pale Nungwi au Kendwa anapokea ofa za samaki, mayai, gesi, sabuni, maji ya chupa, taulo na dawa za bwawa. Karatasi yako inaingia kwenye faili moja na hizo zote, na faili hilo halifunguliwi kutafuta mtu. Siku mboga zikipungua ghafla, atampigia yule anayemkumbuka dakika hiyo, kwa sababu wageni wanashuka kula saa moja jioni na jikoni hakuna saladi. Mawasiliano baada ya kukataliwa yana kazi moja, kuwa mtu huyo anayekumbukwa, na kukumbukwa bila kugeuka kero.

Nitamfuata muuzaji mmoja wa kufikirika kuanzia mwezi wa saba hadi wa sita mwaka unaofuata. Ni mama wa Unguja anayeleta mboga za kizungu kutoka Lushoto na Arusha: letusi, brokoli, zukini, pilipili hoho za rangi. Mzigo unateremka hadi Dar es Salaam, unavuka kwa boti mpaka bandari ya Malindi, kisha gari linaupeleka kaskazini. Bei nitakazotaja ni za mfano, maana bei ya mboga haikai wiki mbili mahali pamoja. Ila hesabu zenyewe ndizo zinazofanywa kila siku kwenye stoo za hoteli.

Kosa la kwanza la ofa yake halimo ndani ya ofa. Aliipeleka mwezi wa saba. Zanzibar huo ni kilele cha msimu, wageni wanaanza kujaa mwishoni mwa mwezi wa sita na hawapungui mpaka kwenye mwezi wa kumi. Hakuna meneja mwenye akili timamu anayebadili mtu wa mboga hoteli ikiwa imejaa, hata kama huyo aliyenaye anamkera kila asubuhi. Akimwacha wa zamani Jumatatu na huyo mpya akachelewa boti Jumatano, atakayejibu mbele ya meneja mkuu ni yeye. Kwa hiyo "kwa sasa tuna mtu" ya mwezi wa saba ina maana yake halisi, na neno la kulizingatia ndani yake ni "sasa". Jibu lile lile likitolewa mwezi wa nne, hoteli nyingine zikiwa zimefunga kwa matengenezo na nyingine zina wageni wa kuhesabika, ni kukataliwa kuzito zaidi. Wakati huo meneja ana nafasi ya kukusikiliza, na bado amekataa.

Ndiyo maana kabla ya kujibu chochote, mama huyu anafungua daftari lake na kuandika tarehe ya jibu, nani amelitoa, sababu iliyotajwa, sababu anayoihisi yeye, na tarehe ambayo uamuzi unaweza kufunguliwa tena. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi. Kwa hoteli za ufukweni tarehe hizo zinajulikana. Mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika zikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, ndipo wasambazaji hupangwa upya kwa ajili ya msimu unaokuja. Mwezi wa kumi na moja upo mwanya mdogo, kabla ya Krismasi. Kwingineko kalenda ni nyingine. Shule za bweni huamua kabla ya muhula kuanza, na kampuni zinazohesabu mwaka wake Januari hadi Desemba hupanga bajeti kwenye robo ya mwisho. Kwa taasisi za serikali Tanzania Bara, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, hivyo mengi ya yale nitakayoeleza hapa hayafai huko. Ukiwa mzabuni, zabuni ikiwa wazi au ikitathminiwa, usimpigie ofisa wa manunuzi "kumsalimia".

Kesho yake asubuhi anajibu. Si jioni ile ile, maana jibu la haraka hunuka machungu, wala si baada ya wiki, maana meneja atakuwa ameshamsahau. Anaandika hivi:

"Assalaam alaykum, Bwana Meneja. Nimepokea jibu lako na nashukuru kwa kuniambia mapema, wengi huwa hawajibu. Naelewa mna mtu na msimu umeshika, sitakusumbua. Naomba nijifunze jambo moja tu kwa ajili ya kazi yangu: katika ofa yangu, kilichokuwa mbali na mnavyotaka ni bei, masharti ya malipo, au siku za kuleta mzigo? Hata neno moja linanitosha. Nitakusalimu tena msimu ukitulia. Kazi njema."

Barua hii fupi inafanya kazi zaidi ya inavyoonekana. Haimsihi afikirie upya, kwa hiyo meneja haoni haja ya kujikinga. Swali limepewa majibu matatu ya kuchagua, na mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja na risiti kwa mkono mwingine anaweza kuandika "malipo" akamaliza. Ukimuuliza "kwa nini mmenikataa?" unampa kazi ya kutunga sababu, naye atakupa ile ya adabu. Kisha ile sentensi ya mwisho imeomba ruhusa ya kurudi bila kuiomba. Akisalimu mwezi wa kumi haonekani mgeni, anaonekana mtu anayetimiza neno lake.

Tuseme meneja ameandika: "Bei ipo juu, na malipo yetu ni siku 30 baada ya mwezi." Sasa kuna kitu cha kushika.

Tuanze na bei. Mama huyu alitaja letusi Sh 6,000 kwa kilo, imefikishwa hotelini. Aliyepo anauza Sh 5,000. Kwenye karatasi ameshindwa, hata mtoto anaona. Lakini nenda jikoni uulize kinachoingia kwenye ndoo ya taka. Letusi iliyosafiri kwenye gunia, juu ya mzigo wa viazi, hufika na majani ya nje yamechubuka na kuiva kwa joto, na si ajabu theluthi yake ikatupwa. Kilo ya Sh 5,000 inayobakiza theluthi mbili za kuliwa, ile kilo nzima inayofika mezani imegharimu Sh 7,500. Letusi ya mama inakuja kwenye kreti, imefunikwa na kitambaa kibichi, na tuseme inapoteza sehemu moja tu ya kumi. Kilo inayofika mezani ni kama Sh 6,670. Ghali kwenye karatasi, rahisi kwenye sahani.

Kishawishi hapa ni kuandika hesabu hiyo usiku huo huo na kumtumia meneja. Asifanye hivyo. Kwanza hana ushahidi. Hajui jikoni ile inatupa kiasi gani, na namba ya kukisia mbele ya mtu mwenye stoo yake ni aibu. Pili, meneja huyo ndiye aliyemchagua msambazaji wa sasa, na kumthibitishia kwamba kwa mwaka mzima amenunua ghali ni kumtafutia sababu ya kukuchukia. Hesabu hii inawekwa akiba mpaka mwezi wa nne, na kabla ya hapo inatafutiwa namba za kweli.

Namba hizo anazo mpishi mkuu. Katika hoteli, anayeagiza mboga na anayezilipia ni watu wawili, na mara nyingi hawapatani. Manunuzi anapimwa kwa bei ya kilo, shefu anapimwa kwa sahani. Kumjua shefu ni halali kabisa, ila njia ya kumfikia ipitie kwa meneja, si kuzunguka mgongo wake. Ujumbe wa mwezi wa kumi unaweza kuwa na ombi hilo ndani yake: "Mkiridhia, naomba nilete kreti moja ya majaribio, jikoni waione. Sina haja ya oda." Kreti inapokelewa stoo, inapimwa, inasainiwa. Hiyo ni sampuli. Kreti hiyo hiyo ikipelekwa nyumbani kwa meneja Ijumaa jioni si sampuli tena, na bahasha ya "sikukuu njema" haiitwi jina jingine lolote isipokuwa rushwa. Unguja na Pemba kuna mamlaka yenye kazi hiyo, ZAECA. Tena hata bila sheria, mteja uliyempata kwa bahasha atachukuliwa na mwenye bahasha nene kuliko yako.

Kati ya mwezi wa saba na wa kumi, mama yetu yuko kimya. Hapo ndipo wengi wanashindwa kujizuia. Wauzaji siku hizi wana desturi ya kurusha orodha ya bei kila alfajiri kwa watu wote walio kwenye simu: nyanya tenga shilingi kadhaa, hoho kadhaa, karoti kadhaa, na picha ya machungwa yanayong'aa. Kwa mama ntilie na muuza genge orodha hiyo ni msaada mkubwa. Kwa meneja wa hoteli aliyekukataa ni kelele, na baada ya siku nne atakunyamazisha. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukituma kupitia ile orodha ya WhatsApp ya kutumia watu wengi kwa mpigo, ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Meneja aliyekukataa huenda hakuihifadhi. Unaweza kurusha bei miezi mitatu ukidhani unajenga mazoea, kumbe hakuna hata moja iliyofika.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: ujumbe huu ungekuwa na faida kwake hata kama hatanunua kwangu milele? "Nakukumbusha ile ofa yangu" hauna faida kwake hata kidogo. Lakini mtu wa mboga anajua mambo ambayo meneja wa Nungwi hawezi kuyajua kutoka ofisini. Anajua vuli imeanza kwa nguvu kule milima ya Usambara na nyanya zimeingiwa na bakajani chelewa, kwa hiyo wiki mbili zijazo bei itapanda. Anajua barabara ya Mombo kwenda Lushoto imeangukiwa na mawe na magari yanasubiri. Anajua Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo na kesho boti zinaweza zisivuke. Habari ya namna hiyo, ikija kabla ya tatizo, meneja anaitumia siku hiyo hiyo. Anaongeza oda kwa msambazaji wake, anamwambia shefu abadili menyu. Ndiyo, umemsaidia mshindani wako kumhudumia mteja wake. Vumilia. Alichokipokea meneja ni kujua kwamba wewe unaliona tatizo siku mbili kabla ya yule anayemlipa.

Basi mama anatuma ujumbe wa kwanza katikati ya mwezi wa kumi, kama alivyoahidi. Salamu, habari moja ya shambani iliyo ya kweli, na lile ombi la kreti ya majaribio. Meneja anajibu "sawa, lete Alhamisi". Angeweza pia kutojibu, na kutojibu mara moja si kitu. Jikoni, shefu anashika letusi, anakata moja katikati, anauliza kama anaweza kupata na kotimiri yenye mizizi yake. Mama anaondoka na jambo la thamani kuliko oda. Amesikia kwamba mzigo wa hoteli unakuja mara tatu kwa wiki na kwamba wa Jumatatu ndio mbaya, kwa sababu msambazaji wao hanunui Jumapili, anauza mabaki ya Jumamosi. Anaandika kwenye daftari akiwa bado garini.

Mwezi wa kumi na mbili anatuma ujumbe mwingine mmoja, tarehe 15 hivi. Siku kumi za Krismasi na Mwaka Mpya ndizo zinazowaumbua wasambazaji wa pwani. Hoteli zinajaa zote kwa pamoja, na malori na madereva wengi wamekwenda kwao. Ujumbe unasema: "Poleni na majukumu ya msimu. Kuanzia tarehe 22 hadi 3 gari langu linashusha mzigo kila siku, pamoja na Jumapili. Nimetenga kilo 40 za letusi na 30 za zukini ambazo sijaziahidi mtu. Mkipungukiwa, hata saa tano usiku nipigie, hakuna haja ya mkataba." Angalia alichokifanya. Hakusema "karibuni tuwahudumie". Ametaja kiasi, ametaja siku, na ameondoa kikwazo cha mkataba. Meneja hahitaji kumwacha mtu wake ili apokee msaada huo.

Lakini kuna sharti ambalo halina mjadala. Kilo hizo ziwepo kweli. Kama ni maneno ya kuvutia tu, na simu ikalia usiku wa tarehe 27 akaanza kuhangaika sokoni Darajani kutafuta saladi alfajiri, miezi yote hiyo ya adabu imekwisha pale. Kutenga mzigo usio na mteja kuna gharama, na mama lazima awe na pa kuupeleka usipoitwa, kwa bei ya hasara kidogo, kwa migahawa ya Forodhani au ya Mji Mkongwe. Hiyo hasara aiandike kama matangazo.

Simu inalia tarehe 29. Kilo 25 za letusi, kesho saa moja asubuhi. Anapeleka, kwa bei ile ile ya Sh 6,000. Najua wapo watakaosema hapo ndipo pa kupandisha bei, mteja ameshikwa na shida. Mfanyabiashara wa siku moja atapandisha. Meneja anajua fika bei ya soko wiki hiyo, na bei usiyoipandisha ataiona bila kuambiwa.

Baada ya hapo, kimya tena. Mwezi wa kwanza na wa pili hoteli bado zina watu, na hakuna la kusema. Ramadhani ikiangukia humo, bei za vyakula vya futari hupanda mjini na akili za watu wa manunuzi ziko huko. Salamu ya mfungo inatosha, iliyoandikwa kwa mtu huyo mmoja, si ile picha ya mwezi na taa inayozunguka simu zote za Afrika Mashariki. Na usipige simu magharibi inapokaribia.

Kitu kinachotokea mara nyingi katika miezi hiyo ni watu kuhama. Wafanyakazi wa hoteli za Zanzibar huhama sana. Shefu wa Nungwi leo, mwakani yuko Paje au Kiwengwa. Muuzaji asiyeweka kumbukumbu hupoteza vyote viwili, anaendelea kumwandikia mtu aliyeondoka na hajui kama kuna mgeni aliyeingia. Shefu akihama, kwake fungua ukurasa mpya. Tayari anaijua letusi yako, na katika wiki zake za kwanza mahali papya bado hajajua nani wa kumtegemea. Na akihama meneja manunuzi, anayeingia nafasi yake hakukukataa yeye. Ile "hapana" ilikuwa ya mtangulizi wake. Ofa ipelekwe upya kwa jina lake, ikiwa na bei za leo, kwa maneno ya heshima yanayosema wazi kwamba hoteli iliwahi kuipokea ofa hii mwezi wa saba na mzigo wa dharura mwezi wa kumi na mbili. Usijifanye mgeni. Stoo wana karatasi.

Mwezi wa nne, mvua inanyesha na hoteli ina wageni wachache, mama anaomba dakika ishirini. Sasa ana haki ya kuzungumza juu ya bei, na ana namba. Mwenye stoo alimwambia mwenyewe tarehe 30 Desemba kwamba katika kilo 25 walitupa mbili. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi. Hasemi neno juu ya letusi ya mwingine. Anauliza tu: "Kwa kawaida mnatupa kiasi gani?" kisha ananyamaza. Shefu, akiwa kwenye meza hiyo, ndiye atakayejibu, na akijibu mbele ya meneja, ile hesabu ya Sh 7,500 kwa Sh 6,670 wataipiga wenyewe. Karatasi aliyokuja nayo si ofa ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe. Ameondoa nyanya na vitunguu, ambavyo msambazaji wa sasa anavimudu kwa bei nzuri, na kubakiza aina sita ambazo yeye ni hodari. Ameongeza mzigo wa Jumatatu, uliovunwa Jumamosi jioni na kusafirishwa Jumapili. Yaliyomo kwenye ofa hii ya pili yametoka kwenye daftari, sehemu kubwa yakiwa maneno ya watu wa hoteli yenyewe.

Nisimamishe hadithi hapa kidogo, kwa sababu kuna "hapana" ambazo hazifunguki, na muda unaotumia kuzibembeleza ni muda wa mteja mwingine. Hoteli yenye shamba lake la mboga haikuhitaji. Hoteli iliyo chini ya kundi kubwa ambalo hununua kwa pamoja kutoka ofisi moja haina wa kukuamulia pale Nungwi, hata kama meneja anakupenda. Msambazaji akiwa ni ndugu wa mwenye hoteli, ubora wa letusi yako si hoja. Mambo haya huwa hayasemwi kwenye jibu la mistari miwili, ila yanajulikana kwa kuuliza madereva na watu wa stoo. Dalili nyingine ni ya ndani ya mazungumzo yenyewe. Kama umetuma habari mbili zenye faida, kwa miezi tofauti, na hukupata jibu wala swali wala "asante", punguza mpaka salamu moja kwa mwaka, mwezi wa nne, yenye bei mpya. Na mtu akikuambia waziwazi usimwandikie tena, futa namba yake siku hiyo.

Kishawishi cha kumruka meneja na kwenda kwa mwenye hoteli nacho kina wakati wake, nao ni karibu kamwe. Mwenye hoteli anaweza kukukubali kwa heshima ya mtu aliyewakutanisha. Halafu utapeleka mzigo kwa miezi kumi na miwili kupitia kwa meneja uliyemruka, anayepima mzani, anayekagua majani na anayepanga nani alipwe kwanza.

Turudi mezani. Mwishoni mwa mwezi wa tano meneja anampigia mama: waanze tarehe 1 Juni, aina sita, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu ya majaribio. Oda inakadiriwa Sh 1,500,000 kwa wiki. Malipo ni yale yale aliyoyataja mwaka jana, siku 30 baada ya mwezi kufungwa.

Hapo ndipo kile kipande cha pili cha jibu la mwezi wa saba kinapodai hesabu yake. Mzigo wa tarehe 1 Juni unaingia kwenye ankara ya tarehe 30 Juni, na ankara hiyo inalipwa tarehe 30 Julai, kama hakuna aliyekwenda likizo. Kufikia siku hiyo mama atakuwa amepeleka mzigo wa wiki nane na nusu bila kuona shilingi, yaani Sh milioni 12 na laki saba hivi. Mkulima wa Lushoto analipwa taslimu shambani, boti inalipwa taslimu, dereva vivyo hivyo. Faida yake ikiwa robo ya bei, bado anahitaji zaidi ya Sh milioni 9 za mfukoni kabla ya malipo ya kwanza. Kama mwaka jana wangemkubali akiwa na mtaji wa milioni tatu, angekauka kabla ya malipo ya kwanza, na jina lake lingebaki hotelini kama la mtu aliyekata mzigo katikati ya msimu.

Miezi kumi na mmoja ya kusubiri ilikuwa pia ya kujikusanyia mtaji na kuzoea ukubwa wa kazi. Hata hivyo ana milioni sita tu. Kwa hiyo anajibu kama alivyojibiwa yeye, kwa adabu na kwa kutaja kiasi. Aina tatu kuanzia tarehe 1 Juni: letusi, zukini na kotimiri yenye mizizi, takriban Sh 700,000 kwa wiki. Nyingine tatu zianze Agosti, ankara ya kwanza ikishalipwa. Meneja anamwuliza kama ana uhakika hataki zote. Mama anamwambia anazitaka zote, na anamtumia tarehe ya kuanza kila moja, kwa maandishi, jioni hiyo hiyo.